Kufupisha rekodi ya utetezi wa pendekezo la utafiti: namna ya kumwandikia mwanafunzi mazuri yake na marekebisho yake

Kila msimu wa utetezi, wahadhiri wasaidizi na makatibu wa jopo wanaopewa kazi hii kwa mara ya kwanza huuliza yaleyale. Niandike kila kilichosemwa? Maoni yanayopingana niyafanyeje? Mtahini hakusifu chochote, sasa hayo mazuri niyatoe wapi? Mwongozo huu unajibu maswali hayo kwa utetezi wa pendekezo la shahada ya uzamili, ule wa dakika 15 za kuwasilisha na nusu saa hivi ya maswali. Tofauti kubwa na muhtasari wa kikao ni hii: muhtasari wa kikao unahifadhi yaliyosemwa, wakati karatasi utakayoandika inamwambia mwanafunzi afanye nini kesho asubuhi akifungua andiko lake.

Andaa kwanza

- Rekodi yenyewe, ya video au ya sauti. Nakili faili kwenye kompyuta kabla ya kuigusa, na ile ya asili uiache ilivyo.
- Andiko la pendekezo, toleo lilelile walilopewa watahini. Wanafunzi huanza kurekebisha usiku uleule, na ukitumia toleo jipya namba za kurasa hazitalingana na maoni.
- Slaidi zilizoonyeshwa siku hiyo.
- Fomu za maoni walizojaza watahini kwa mkono.
- VLC au programu nyingine ya kuchezesha sauti, na visikilizi vya masikioni. Spika ya kompyuta ndogo inameza maneno ya mwisho ya sentensi, na mtahini huweka sharti lake hapohapo mwishoni.
- Saa tatu zisizo na usumbufu kwa rekodi ya dakika 45.

Hakikisha pia mwanafunzi na jopo walijua kwamba wanarekodiwa na kwa kazi gani. Sauti ya mtu ni taarifa yake binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Rekodi isipite kwenye kundi la WhatsApp la idara hata kwa nia njema.

Hatua ya 1: Soma andiko kwa dakika 20 kabla ya kusikiliza

Huhitaji kulisoma lote. Soma mada, malengo mahususi, sura ya mbinu za utafiti na bajeti. Bila hivyo utasikia mtahini akisema "lile lengo la tatu halina dodoso" na hutajua kama anasema kweli, wala kama kuna lengo la tatu.

Hatua ya 2: Sikiliza mara ya kwanza bila kusimamisha

Mara hii andika muda tu, pamoja na maneno mawili matatu ya kukukumbusha. Andika wasilisho lilianza na kuisha dakika ya ngapi, maswali yalianza wapi, uamuzi ulitangazwa wapi. Ukianza kusimamisha kila sentensi sasa hivi, utatumia saa nzima kwenye dakika kumi za mwanzo, na dakika za mwisho, ambako mwenyekiti anaamua kipi ni sharti na kipi kiachwe, utazisikiliza ukiwa umechoka.

Kwenye VLC ya kompyuta ya Windows, kitufe `[` kinapunguza kasi, `]` kinaongeza, na `=` kinarudisha kasi ya kawaida. `Alt` pamoja na mshale wa kushoto hurudisha nyuma sekunde 10, `Shift` na mshale huohuo sekunde 3. Vitufe hivyo vinatosha kwa kazi nzima.

Hatua ya 3: Sikiliza sehemu ya maswali mara ya pili na ujaze jedwali

Chora safu sita: muda, nani alisema, maneno yenyewe, ni amri au ushauri au swali, mwanafunzi alijibuje, na inagusa sehemu gani ya andiko. Daftari lenye mistari linatosha usipotaka programu ya majedwali.

Kwenye safu ya maneno andika alivyosema, si ulivyoelewa. Ikiwa alichanganya Kiswahili na Kiingereza, acha neno la kitaalamu kama alivyolitamka, kwa sababu ndilo mwanafunzi atakalolitafuta ndani ya andiko. Baada ya rekodi, ingiza fomu za maoni kwenye jedwali hilohilo, na mahali pa muda andika "fomu". Fomu na rekodi hukamilishana: fomu inasema mtahini anataka nini, rekodi inaeleza kwa nini. Mtu aliyefupisha fomu peke yake huishia na mistari kama "sura ya tatu haieleweki", ambayo mwanafunzi hawezi kuifanyia kazi.

Safu ya jinsi mwanafunzi alivyojibu ndiyo wengi huiacha wazi. Usiiache. Swali lililojibiwa vizuri ni sifa, na lililomshinda ni rekebisho. Usipoandika jibu lake, huwezi kujua swali hilo uliweke upande gani.

Hatua ya 4: Tenganisha amri, ushauri na swali

Makosa mengi ya kazi hii huzaliwa hapa. Sikiliza kitenzi. "Rekebisha", "ondoa", "lazima uonyeshe", "usiende uwandani kabla ya..." hizo ni amri. "Ungeweza", "ingependeza", "fikiria pia" ni ushauri. Swali ni swali, ila kuna maswali ambayo kwa desturi yetu ni amri iliyovikwa adabu. Mtahini anaposema "Binti, huoni kwamba hawa ni wachache?" hasubiri jibu la ndiyo au hapana. Njia ya kuyatambua ni kuangalia kilichofuata. Mwanafunzi akijibu na mtahini akasema "sawa, tuendelee", swali limekwisha. Akirudia swali kwa maneno mengine, au mwenyekiti akilirudia mwishoni, lichukue kuwa amri.

Ukigeuza ushauri kuwa amri, mwanafunzi atapoteza wiki mbili akiongeza sura isiyohitajika. Ukigeuza amri kuwa ushauri, andiko litarudishwa. Kosa la pili ni baya zaidi, kwa hiyo ukibaki na shaka muulize mwenyekiti.

Hatua ya 5: Unganisha maoni kwa chanzo chake, si kwa aliyesema

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanafunzi anapendekeza kuchunguza matumizi ya mbolea ya ruzuku kwa wakulima wa mahindi wilayani Mbozi, mkoani Songwe. Eneo lake lina kaya 2,400, na atahoji kaya 96. Kwenye jedwali lako kuna mistari hii minne:

- 21:15, mtahini wa kwanza: "Binti, kaya 96 kati ya 2,400, huoni ni wachache?"
- 27:50, mtahini wa pili: "Kiwango cha makosa ulichotumia ni kipi? Kaangalie tena."
- Fomu ya mtahini wa tatu: "Sura ya tatu haieleweki, hasa sampuli."
- 43:05, mwenyekiti: "Sampuli irekebishwe, ieleweke imetoka wapi."

Anayeandika kwa haraka atampa mwanafunzi marekebisho manne. Naye atahangaika na manne hayo, kumbe tatizo ni moja. Fungua slaidi ya sampuli. Ametumia fomula ya Yamane ya mwaka 1967:

```
n = N / (1 + N × e²)
```

Slaidi inasema e, yaani kiwango cha makosa, ni 0.05. Piga hesabu mwenyewe. Mraba wa 0.05 ni 0.0025, zidisha kwa 2,400 upate 6, ongeza 1 upate 7, 2,400 ukigawa kwa 7 unapata 342.9, yaani kaya 343. Hiyo 96 imetoka wapi, basi? Jaribu e ya 0.10: mraba wake ni 0.01, mara 2,400 ni 24, ongeza 1 ni 25, na 2,400 kwa 25 ni 96 kamili. Ameandika asilimia 5 lakini amekokotoa kwa asilimia 10. Maoni yote manne yanatoka kwenye mstari huo mmoja.

Sasa una rekebisho moja lenye uzito wa manne, na mwanafunzi anajua aweke kidole wapi. Kuna mpaka lakini. Hakuna mtahini aliyesema "tumia 343". Hesabu hiyo ni yako, na lazima ionekane kuwa yako. Iweke chini ya maneno "Maelezo ya mwandishi", na uamuzi wa kutumia asilimia 5, au kubaki na 10 kwa hoja, uachie mwanafunzi na msimamizi wake. Kinachowabana ni kile jopo lilichotamka: kwamba 96 ni wachache na kwamba chanzo cha namba kieleweke.

Taja pia kinachoguswa na badiliko. Kama bajeti ilipangwa kwa mdadisi anayejaza madodoso 8 kwa siku, kaya 96 ni siku 12 za kazi, na kaya 343 ni siku 43. Mwanafunzi anayebadilisha sampuli bila kugusa bajeti na ratiba atarudishwa tena kwa kosa jipya.

Hatua ya 6: Tafuta mazuri kwenye rekodi, usisubiri yasemwe

Watahini husifu kwa kifupi, mara nyingi "kazi nzuri" moja kabla ya "ila". Maneno hayo mawili hayamsaidii mwanafunzi kwa sababu hajui aendelee kufanya nini. Rudia wasilisho lenyewe ukiwa na jedwali mkononi na utafute vitu vitatu: swali gumu alilolijibu mtahini akaridhika, sehemu ambayo watahini hawakuigusa ingawa wameuliza kuhusu za jirani zake, na mahali alipoeleza uamuzi wake kwa sababu.

Kwenye mfano wetu, dakika ya 24 mtahini wa pili anauliza kwa nini data ianzie msimu wa 2022/2023 na si nyuma zaidi. Mwanafunzi anajibu kwamba ndio msimu ambao serikali ilirudisha ruzuku ya mbolea na wakulima wakaandikishwa, kwa hiyo kuna orodha ya kuchagulia sampuli. Mtahini anasema "hapo sawa" na kuhama. Hiyo ni sifa yenye ushahidi, na ukiiandika hivyo mwanafunzi anajifunza kwamba kufunga kipindi cha utafiti kwa sababu ya kisera ni hoja iliyosimama. Ataitumia tena kwenye tasnifu.

Ile alama ya pili, ya sehemu isiyoguswa, itumie kwa uangalifu. Kunyamaza kwa jopo kunaweza kuwa ni kuridhika, na kunaweza kuwa muda uliisha. Ukiona mwenyekiti alikuwa anakimbiza maswali, usiihesabu.

Sifa tatu au nne zinatosha. Usitunge ili kujaza nafasi. Mwanafunzi aliyekuwepo chumbani anajua alichofanya, na sifa ya uongo inamfanya atilie shaka hata marekebisho.

Hatua ya 7: Andika

Lenga ukurasa mmoja, usizidi mmoja na nusu. Anza na uamuzi wa jopo kwa maneno yake, kisha mazuri, kisha marekebisho ya lazima, kisha ya hiari, na mwisho mistari miwili mitatu kuhusu namna ya kuwasilisha. Usichanganye uwasilishaji na maudhui. Kutumia dakika 18 badala ya 15, au kusoma slaidi ukiwapa watu mgongo, hakubadilishi andiko. Vikikaa katikati ya marekebisho ya sampuli vinapoteza nguvu ya yote mawili.

Kila rekebisho libebe mambo manne: kilichoonekana, kwa nini ni tatizo, afanye nini, na wapi kwenye andiko. Linganisha.

Dhaifu: "Mwanafunzi aboreshe sampuli na mbinu kwa ujumla."

Lenye kufanyika: "Idadi ya sampuli (sura ya 3 na slaidi ya 11). Jopo limeona kaya 96 ni wachache, na halikuelewa namba ilivyopatikana (21:15, 27:50, 43:05 na fomu ya mtahini wa tatu). Rekebisha ukokotoaji, onyesha hatua zake, na eleza kwa nini umechagua kiwango hicho cha makosa. Kisha linganisha upya bajeti na ratiba. Maelezo ya mwandishi: slaidi inataja 0.05, lakini 96 inapatikana kwa 0.10, kwa 0.05 jibu ni 343."

Muda uliowekwa kwenye mabano si pambo. Mwanafunzi akisema "sikuambiwa hivyo", msimamizi anafungua dakika ya 27:50 na mjadala unakwisha.

Majina ya watahini ni bora yabaki kwenye jedwali lako. Kwa mwanafunzi andika "jopo" au "mtahini wa pili". Ukali wa lugha pia uache hukohuko. "Hii ni kazi ya kubahatisha" iwe "uhusiano kati ya lengo la 2 na dodoso haujaonyeshwa", ilimradi hilo ndilo alilokuwa analizungumzia. Punguza ukali, usipunguze uzito: kama ilikuwa amri, ibaki kwenye ya lazima.

Hatua ya 8: Maoni yanayopingana

Mtahini wa kwanza anataka majadiliano ya vikundi yaongezwe. Wa pili anasema mbinu ni nyingi, zipunguzwe. Usichague wewe, na usiandike yote mawili kana kwamba yanatekelezeka pamoja. Rudi kwenye dakika za mwisho usikilize mwenyekiti alifunga vipi. Akiwa ameamua, andika uamuzi wake peke yake. Kama hakuamua, mpelekee swali moja fupi lenye dakika zote mbili, naye ajibu kwa maandishi. Muhtasari usitoke kabla ya jibu hilo.

Hatua ya 9: Hakiki kwa kurudi nyuma

Chukua jedwali, pita mstari kwa mstari, na kwa kila mmoja andika umeingia wapi: kwenye sifa, rekebisho namba fulani, au "swali limekwisha". Mstari usio na makazi ni maoni yaliyopotea. Halafu geuza: kila sentensi ya muhtasari iwe na mstari wake kwenye jedwali. Isiyo nao umeitunga, hata kama ni ya kweli. Mwenyekiti asome na kuidhinisha, ndipo nakala ziende kwa mwanafunzi na msimamizi pamoja. Fanya haya ndani ya siku tatu, kabla mwanafunzi hajaanza kurekebisha kwa kumbukumbu zake.

Mambo yakikwama

*Sauti haisikiki, feni au mvua ya bati imefunika.* Kwa programu ya ffmpeg, kwanza toa sauti kwenye video, kisha punguza mngurumo wa chini na mlio wa juu:

```
ffmpeg -i utetezi.mp4 -vn sauti.mp3
ffmpeg -i sauti.mp3 -af "highpass=f=200,lowpass=f=3000" safi.mp3
```

Sauti itakuwa nyembamba kama ya simu, lakini maneno yatajitokeza zaidi. Pakibaki pasiposikika baada ya kurudia mara tatu, andika "haisikiki, 31:10 hadi 31:25" kwenye jedwali na umuulize aliyesema. Usikisie. Neno "si" likipotea, sentensi imegeuka.

*Simu iliyokuwa ikirekodi ilipigiwa na rekodi ikakatika vipande viwili.* Kipande cha pili huanza tena 0:00. Viite A na B, na kila muda uwe na herufi yake: A 21:15, B 04:30. Usijaribu kujumlisha, maana hujui sekunde ngapi zilipotea katikati. Maoni ya pengo hilo yatafute kwenye fomu.

*Huwezi kutofautisha sauti za watahini.* Wakati wa utambulisho kila mmoja hutaja jina lake. Sikiliza hapo mara mbili tatu na uandike alama ya sauti yake. Rekodi isiyo na utambulisho mpelekee katibu wa kikao dakika husika. Ukishindwa kabisa, andika "mjumbe wa jopo".

*Marekebisho yamefika kumi na tano.* Karibu kila mara ina maana hatua ya 5 haijafanyika. Kwa kila jozi jiulize: nikirekebisha hili, lile linaisha lenyewe? Likiisha, ni moja. Makosa ya tahajia, marejeo na namba za kurasa yakusanye kwenye mstari mmoja wa mwisho.

*Fomu na rekodi ya mtahini yuleyule hazikubaliani.* Kwenye rekodi alisema "ni hiari", kwenye fomu ameandika "lazima". Huenda alibadili mawazo baada ya kumsikia mwenzake. Mpelekee maneno yake yote mawili achague.

*Mwanafunzi anapinga rekebisho moja.* Mpe muda wa rekodi asikilize akiwa na msimamizi. Ukikuta ulikosea, toa toleo jipya lenye tarehe kwa wote waliopata la kwanza. Kama hukukosea, pingamizi lake ni la jopo, si la mwandishi, na muhtasari unabaki ulivyo.